Google inafunguka, tovuti ya chuo inazunguka tu: je, nizime IPv6?

"Habari fundi. Nimefungiwa faiba nyumbani miezi miwili iliyopita. Nilipoingia kwenye ruta kubadilisha nenosiri la waifai nikakuta sehemu ya IPv6 imezimwa, nikaiwasha. Tangu siku hiyo Google na YouTube ni safi kabisa, lakini tovuti ya chuo ninakosoma na duka moja la mtandaoni vinazunguka tu, mwisho vinakataa. Nikitumia data ya simu vinafunguka. Kijana wa duka la kompyuta ananiambia nizime haraka, eti IPv6 haina NAT kwa hiyo vifaa vyangu vyote viko wazi kwa dunia nzima. Rafiki yangu anasema nisizime kwa sababu inaongeza kasi. Kwenye ukurasa wa ruta nimeona PPPoE na MTU 1492. Niwashe au nizime?"

Nzuri, ndugu yangu. Usizime kwanza. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeandika namba uliyoiona. Hiyo MTU ya 1492, yaani ukomo wa ukubwa wa pakiti moja kwa baiti, ndiyo inayonifanya niamini kwamba IPv6 yako inafanya kazi, ila kuna mahali pakiti kubwa zinakwama njiani. Tatizo hili linapimika kwa dakika kumi, na mara nyingi linatibika hapo hapo kwenye ruta.

Nianze na hilo la kasi, maana ni fupi. IPv6 haiongezi kasi ya kifurushi chako. Ukilipia Mbps 20 utabaki na 20. Unachopata ni anwani za kutosha. Anwani za IPv4 zina biti 32, ambazo ni kama bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti sasa zinawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IPv4. Tazama anwani ya IPv4 upande wa nje wa ruta yako: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi unaichangia na majirani usiowajua. IPv6 ina biti 128, na nyumba yako inapewa fungu lake yenyewe. Mtu anayecheza michezo ya mtandaoni au anayepiga simu za video ataona nafuu fulani, kwa kuwa kuna foleni moja pungufu ya kupitia. Anayesoma barua pepe hataona tofauti.

Ukishaiwasha, IPv4 haiondoki. Vifaa vyako vinakuwa na njia mbili sambamba. Kivinjari kikitaka kufungua tovuti yenye anwani za aina zote mbili huanza na IPv6, na isipojibu ndani ya takriban robo ya sekunde, hujaribu IPv4 pia, kisha huendelea na ile iliyowahi. Kwa sababu hii IPv6 iliyokufa kabisa huwa haimsumbui mtu sana, kwani kivinjari kinaikwepa kabla hujagundua. Inayosumbua ni IPv6 iliyo nusu hai kama yako. Kwako mazungumzo ya kwanza kati ya kompyuta na seva ya chuo yanafanikiwa vizuri, kivinjari kinaona njia ni nzima, kinaifunga ile ya IPv4 na kutulia. Halafu seva inaanza kutuma ukurasa wenyewe, na hapo ndipo kimya kinapoanza. Kivinjari hakirudi tena nyuma kujaribu IPv4, kwa sababu kinaamini kimeshaunganishwa.

Kwa nini mwanzo upite na ukurasa ukwame? Pakiti za mwanzo ni ndogo, hazifiki hata baiti 100. Ukurasa unakuja kwa pakiti zilizojazwa hadi ukomo. Kompyuta yako iko kwenye waifai ambayo ukomo wake ni baiti 1500, na mwanzoni mwa mazungumzo inaiambia seva hivyo: mimi napokea pakiti za 1500. Lakini kati ya ruta yako na kampuni ya intaneti kuna PPPoE, ambayo hufunga kila pakiti kwa bahasha ya baiti 8. Toa 8 kwenye 1500 unapata 1492, namba ile ile uliyoiona. Kwa hiyo seva ya chuo inapakia makabati ya 1500 kwa mlango wa 1492.

Kwenye IPv6, kifaa cha katikati ya njia hakiruhusiwi kuikata pakiti vipande. Kinachopaswa kufanya ni kuitupa na kumrudishia mtumaji ujumbe uitwao `Packet Too Big`, unaosema: punguza, huku mwisho 1492. Mtumaji akiupata anapakia upya na mambo yanaendelea, wala hutajua kama kulikuwa na shida. Tatizo ni kwamba wasimamizi wengine wa seva huzuia jumbe zote za familia hiyo, ICMPv6, wakidhani wanajikinga. Ujumbe unagonga ukuta, seva haipati habari, inatuma tena pakiti ile ile ya 1500, inatupwa tena, mpaka muda unaisha. Kinachokuonyesha duara linalozunguka ni hicho.

Utaniuliza mbona kwenye IPv4 haitokei wakati PPPoE ni ile ile. Inatokea, tena tangu zamani, na ndiyo maana watengenezaji walijifunza kuweka dawa ndani ya ruta: ruta inaingilia mazungumzo ya mwanzo na kubadilisha ile ahadi ya kompyuta yako, ili seva iambiwe ukubwa mdogo unaopita. Ruta kadhaa za bei nafuu hufanya hivyo kwa IPv4 na kusahau kwa IPv6. Google na YouTube kwa kawaida hutumia utaratibu uitwao QUIC, ambao huanza na pakiti ndogo zinazopita bila kuchubua mlango, kisha hujipimia wenyewe kama kuna nafasi ya kuongeza. Ndiyo sababu kwako ni safi. Data ya simu nayo haipiti kwenye PPPoE yako.

Sasa tupime. Fungua `test-ipv6.com` ukiwa kwenye waifai ya nyumbani. Usiishie kwenye alama ya jumla juu ya ukurasa. Ingia kwenye majaribio yenyewe utafute lile la pakiti kubwa, `Test IPv6 large packet`. Likikwama huku mengine ya IPv6 yakipita, dhana yetu imepata uzito. Kisha, kama una kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, angalia jina la kadi yako ya waifai, na ushushe MTU yake kwa muda:

```
netsh interface ipv6 show subinterfaces
netsh interface ipv6 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1492 store=active
```

Kama orodha ya amri ya kwanza inaonyesha jina jingine badala ya `Wi-Fi`, tumia hilo. Amri ya pili inagusa IPv6 peke yake, na inajifuta ukiiwasha upya kompyuta kwa `Restart`. Funga kivinjari chote, kifungue upya, nenda kwenye tovuti ya chuo. Ukurasa ukifunguka papo hapo, huna haja ya kubahatisha tena: ni MTU. Usipofunguka, jaribu 1280, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kwa IPv6. Ikikubali 1280 na kukataa 1492, maana yake kuna bahasha nyingine huko mbele kwenye mtandao wa kampuni, na hilo ni lao. Ikikataa zote mbili, tatizo liko kwingine na usiendelee kuchezea namba hizi.

Nilikutana na hali kama yako kwa mwalimu mmoja huko Tegeta. Alikuwa ameshabadilisha ruta mara mbili na kulipia kifurushi kikubwa zaidi, akiamini mtandao ni mdogo. Nilikaa sebuleni kwake, nikafungua ukurasa wa kusajili mitihani aliokuwa akiulalamikia: kichwa cha ukurasa kikatokea kwenye kichupo, chini peupe. Hicho ni kielelezo kizuri, kwamba vipande vidogo vimefika na vikubwa havijafika. Nikatoa amri ile ya 1492, nikafungua tena, ukurasa ukaja kabla sijaondoa kidole. Kisha nikaingia kwenye ruta, sehemu ya LAN, kurasa za IPv6, ambako palikuwa na kisanduku kilichoandikwa `RA MTU` chenye 1500. Nikaandika 1492, nikahifadhi, tukazima na kuwasha waifai ya kila kifaa. Kuanzia hapo ruta ndiyo inayoviambia vifaa vyote ukomo sahihi, na simu za watoto na televisheni zikapona pamoja na kompyuta.

Kwako fanya hivyo hivyo. Majina hutofautiana: tafuta `RA MTU`, au `MTU` iliyo ndani ya mipangilio ya `Router Advertisement`. Ruta nyingine badala yake zina `MSS Clamping` upande wa WAN, nayo inatibu ugonjwa ule ule, ilimradi iguse na IPv6. Usiguse ile MTU ya 1492 iliyo kwenye PPPoE, hiyo ni sahihi. Na kabla hujabadilisha chochote piga picha ya skrini kwa simu, hasa ukurasa wenye jina la mtumiaji wa PPPoE na namba ya VLAN. Ukizipoteza hizo, utabaki bila intaneti mpaka kampuni ikurudishie.

Twende kwa kijana wa dukani. Amesema kweli nusu. Ni kweli IPv6 ya nyumbani kwa kawaida haitumii NAT, ule utaratibu wa kuweka vifaa vingi nyuma ya anwani moja, na kila kifaa chako kina anwani inayoweza kufikiwa kutoka nje. Lakini NAT haikuwekwa kuwa mlinzi. Iliwekwa kugawana anwani chache. Kinachokulinda ni ngome ya ruta, ile sehemu inayokumbuka mazungumzo uliyoyaanzisha wewe na kukataa mgeni anayebisha bila kuitwa. Kazi hiyo inafanyika kwenye IPv6 vilevile kama kwenye IPv4, ikiwa imewashwa. Hapa ndipo wasiwasi wake una mantiki, maana nimekuta ruta ambazo ngome ya IPv4 imewashwa na ya IPv6 imezimwa, kwenye ukurasa mmoja, mistari miwili ikifuatana. Tafuta maandishi kama `IPv6 Firewall` au `IPv6 SPI Firewall` na uhakikishe yamewashwa.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho yako, chukua kifaa chenye ukurasa wake wa mipangilio, kama printa au kinasa cha kamera, usome anwani yake ya IPv6. Isiwe ile inayoanza na `fe80`, hiyo haitoki nje ya nyumba. Ya nje katika eneo letu mara nyingi huanza na `2c`, kwa sababu fungu la `2c00::/12` ndilo walilopewa AFRINIC, wagawaji wa anwani za Afrika. Kisha zima waifai kwenye simu, tumia data yenye IPv6, na uandike anwani hiyo kwenye kivinjari ndani ya mabano ya mraba, mfano:

```
http://[2001:db8:12:3400::25]/
```

Weka yako badala ya hiyo, na kwanza uhakikishe kwamba ukiwa ndani ya waifai ukurasa unafunguka. Ukiwa nje haufunguki, ngome inafanya kazi. Ukifunguka, zima IPv6 leo hii mpaka upate ruta yenye ngome, na kwenye hilo namuunga mkono kijana wa dukani bila kusita. Usitumie ping kupima jambo hili, kwa kuwa ruta nzuri huruhusu ping ya IPv6 ipite huku ikizuia mengine, na utaogopa bure.

Kuna tatizo jingine ambalo huenda utaliona baadaye, hasa kama mtaani kwenu umeme unakatika. Ruta ikizimika na kuwaka, kampuni inaweza kuipa nyumba yako fungu jipya la anwani. Vifaa vilivyozimika pamoja nayo havina shida. Lakini kama una kisambaza waifai cha pili kilichobaki hewani kwa betri, simu na kompyuta haziambiwi kwamba kuna kilichobadilika. Zinaendelea kutumia anwani ya zamani, na pakiti zake zinatupwa kwa kuwa anwani hiyo si ya nyumba yako tena. Dalili yake ni kwamba umeme ukirudi mtandao unakuwa mzito, na ukizima na kuwasha waifai ya simu unapona. Kwa kawaida iliyozoeleka, anwani hupewa uhai wa siku 7 wa kupendelewa na siku 30 wa kukubalika, ambao ni mrefu mno kwa nyumba. Kama ruta yako inaruhusu, weka `Preferred Lifetime` sekunde 2700 na `Valid Lifetime` sekunde 5400, yaani dakika 45 na dakika 90. Hivi ndivyo wanaoandika kanuni za intaneti walivyopendekeza kwa ruta za nyumbani mwaka 2021.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Kwenye LAN chagua `SLAAC`, ambako kifaa hujitengenezea anwani chenyewe, usiweke DHCPv6 peke yake, kwa sababu simu za Android kwa kawaida hazichukui anwani kwa njia hiyo na utadhani IPv6 imegoma kwenye simu tu. Ukitumia VPN ya kazini, angalia kama inabeba IPv6. Ambazo hazibebi zinaweza kuacha sehemu ya mawasiliano yako yapite nje ya handaki bila wewe kujua, na kwa mtu mwenye kazi nyeti hiyo ni sababu ya kutosha kuizima IPv6 kwenye kompyuta hiyo moja. Na kama umenunua ruta yako ukaichomeka nyuma ya ile ya kampuni, ya pili inaweza kukosa IPv6 kabisa pale kampuni inapotoa fungu la `/64` tu, kwani hilo halitoshi kugawiwa mitandao miwili. Igeuze iwe kisambaza waifai tu, tatizo litaisha.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili: iwashe, kama ngome ya IPv6 ipo na jaribio la pakiti kubwa linapita baada ya kuweka 1492. Kama ruta yako haina sehemu ya kuandika namba hiyo na kampuni haikusaidii, izime bila kujilaumu. Tovuti unazozitumia zinafikika kwa IPv4, na ni heri njia moja iliyo nzima kuliko mbili ambazo moja inakukwamisha usiku wa kuwasilisha kazi ya chuo. Ile amri ya Windows usiifanye dawa ya kudumu, maana inatibu kompyuta moja na kuwaacha wengine nyumbani na ugonjwa.

Mwite fundi wa kampuni aje nyumbani ikiwa kurasa za IPv6 za ruta zimefungwa usiweze kuzibadilisha, ikiwa taa ya `LOS` inawaka nyekundu, au ikiwa hata kwa IPv4 tovuti zinakwama. Hapo shida inaweza kuwa kebo au mwanga, wala si IPv6. Ikiwa ni ile hali ya 1280 kukubali na 1492 kukataa, fundi wa mtaani hataweza kitu. Piga huduma kwa wateja, uombe upelekwe kwa watu wa mtandao, na usiwaambie tu kwamba intaneti inasumbua, kwa sababu watakujibu uzime na kuwasha ruta. Waambie hivi: "Niko kwenye PPPoE, MTU 1492. Kwa IPv6, pakiti za 1280 zinapita, za 1492 zinapotea, na ujumbe wa `Packet Too Big` haurudi." Uwe na picha ya matokeo ya `test-ipv6.com` tayari, pamoja na saa ulipopima, kwa kuwa swali la kwanza watakalokuuliza ni lini.